'Tu', 'Vous' na 'We!': Sentensi Moja ya Lumumba katika Kiswahili

Mwaka 1960 yalitokea mambo mawili ambayo sijaona mtu akiyaweka kwenye meza moja. La kwanza linajulikana na kila mtu. Tarehe 30 Juni, mjini Leopoldville, katika Ikulu ya Taifa, Patrice Lumumba alisimama bila kuwemo kwenye ratiba, baada ya Mfalme Baudouin na Rais Kasavubu kumaliza kusema, akatoa hotuba ya uhuru wa Kongo. La pili lilipita kimya: Wamarekani wawili, Roger Brown na Albert Gilman, walichapisha makala kuhusu viwakilishi vya mamlaka na vya mshikamano katika lugha za Ulaya. Wale mabwana walieleza kwa kurasa nyingi kile ambacho Lumumba alikisema kwa sentensi moja. Makala hii inahusu sentensi hiyo, na shida inayompata mtu anapotaka kuiingiza katika Kiswahili.

Kwa faida ya wasiosoma Kifaransa, nieleze kwanza. Mfaransa anapomsemesha mtu mmoja ana njia mbili. Anaweza kumwambia 'tu', yaani nafsi ya pili umoja, au akamwambia 'vous' (hutamkwa 'vu'), ambayo kwa sarufi ni wingi, yaani kama sisi tungesema 'ninyi', lakini anaambiwa mtu mmoja kwa heshima au kwa kutojuana. Kila kitenzi anachotamka kinamlazimu achague. Hakuna mahali pa kujificha. Brown na Gilman walichoonyesha ni kwamba 'tu' ina maisha mawili. Watu wawili wakiambiana 'tu' kwa 'tu', huo ni urafiki, udugu, au mapenzi. Lakini mmoja akisema 'tu' na kujibiwa 'vous', hapo ni bwana na mtwana, mzazi na mtoto, afisa na kuruta. Neno ni lile lile, na maana yake inatoka kwenye jibu.

Sasa basi, Lumumba. Katika hotuba ile alikuwa akiorodhesha majeraha ya miaka 80 ya utawala wa kikoloni: kazi ya kuchosha kwa ujira usiotosha kula, matusi na vipigo vya asubuhi, mchana na jioni, ardhi kuporwa, sheria moja kwa Mweupe na nyingine kwa Mweusi, magereza, risasi. Katikati ya orodha hiyo, mara tu baada ya vipigo, akauliza ni nani atakayesahau kwamba Mweusi aliambiwa 'tu', na hakika si kama anavyoambiwa rafiki, bali kwa sababu ile 'vous' yenye heshima walikuwa wamewekewa Weupe peke yao.

Mhakiki asiyeijua lugha ile anaweza kushangaa: hivi kweli kiwakilishi kinakaa safu moja na gereza? Lumumba alijua alichokuwa akikifanya. Alizaliwa mwaka 1925 huko Sankuru, akawa karani wa posta Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Alikuwa miongoni mwa wale walioitwa 'walioendelea', watu waliosoma Kifaransa na kutakiwa kuthibitisha ustaarabu wao. Serikali ya Kibelgiji ilianzisha kadi ya sifa za kiraia mwaka 1948, na mwaka 1952 ikaja sheria ya kuwaandikisha Waafrika wachache ili wahesabiwe karibu na Wazungu. Mwombaji alichunguzwa mpaka nyumbani kwake, namna anavyokula na namna anavyoishi na mkewe. Mtu akishapita kote huko, akatoka na karatasi yake, karani wa Kizungu wa umri wa mwanawe anamwambia 'tu'. Ndiyo maana jeraha hili liliwauma zaidi wale waliokijua Kifaransa vizuri. Asiyejua tofauti angeweza kupita bila kusikia kitu.

Nilipewa kazi ya kutafsiri kipande hiki cha hotuba kwa Kiswahili, kisha nikitetee mbele ya wenzangu kwenye semina. Hapo ndipo kabila langu la kilugha lilipojitokeza. Mimi ni mtu wa Ruanda. Msomaji asiende mbali: si ile nchi ya Kigali, ambayo Wabelgiji waliitawala pia, bali ni Ruanda ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kule yalikochimbwa makaa ya mawe ya Ntunduwaro. Ukishuka milima kuelekea magharibi unafika ufuko wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay na Liuli, na ng'ambo ni Malawi. Kule Kinyanja kinasikika sokoni na mitumbwini, na Kinyanja kina kitu ambacho Kiswahili sanifu hakina. Mtoto au rika lako unamwuliza 'uli bwanji?'. Mzee mmoja, peke yake, amekaa kwenye kigoda, unamwuliza 'muli bwanji?'. Ni wingi kwa mtu mmoja, sawasawa na Mfaransa. Kiwakilishi chenyewe ni 'iwe' kwa umoja na 'inu' kwa wingi na kwa heshima.

Desturi hiyo inavuka ziwa na kuingia katika Kiswahili chetu. Nimesikia mara nyingi watu wa kwetu wakimwambia mzee mmoja 'Mmeamkaje, baba?' au 'Mnakwenda wapi saa hizi?'. Mtu wa Tanga au Unguja akiambiwa hivyo atageuka nyuma kutazama ni nani mwingine aliyeandamana naye.

Kwa hiyo katika semina yetu palizuka kambi mbili. Kambi ya kwanza, iliyokuwa na wenzangu wa kusini na wa Nyanda za Juu, ilisema jambo ni jepesi: 'tu' ni 'wewe', 'vous' ni 'ninyi', basi. Kambi ya pili, ya watu wa pwani na waliokulia Dar, ikasema Kiswahili hakina tofauti hiyo, andika 'wewe' kote na uweke maelezo chini ya ukurasa. Ubishi ulikuwa mkali, na sidhani ulikuwa wa sarufi tu. Kila mmoja alikuwa anatetea namna alivyofundishwa kumheshimu babu yake.

Mimi nilizijaribu njia zote kwa kuzisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wa bwenini wasiojua hata neno moja la Kifaransa. Hotuba ni kitu cha kusikiwa. Tafsiri ambayo inahitaji maelezo chini ya ukurasa imekwisha kushindwa kwenye jukwaa.

Nilianza na kuyaacha maneno kama yalivyo, jinsi wafasiri wengi wa Kiingereza wanavyofanya na sentensi hii. Haikufika mbali. 'Mtu mweusi aliambiwa tu' katika Kiswahili ni sentensi kamili yenye maana nyingine kabisa, kwamba aliambiwa basi, bila zaidi. Wenzangu walisubiri niendelee, kisha wakacheka. Lugha nyingine zinaweza kuikopa 'tu' ikabaki ngeni. Kwetu inamezwa palepale na 'tu' yetu wenyewe, hata ukiiwekea alama za kunukuu, kwa maana alama za kunukuu hazisikiki.

Nikajaribu 'wewe' na 'ninyi'. 'Mtu mweusi aliitwa wewe, na ninyi ikawa ya Wazungu peke yao.' Mmoja akauliza, 'Wazungu wangapi?' Swali lake lilikuwa la haki. Kwa msikilizaji wa kawaida wa Kiswahili 'ninyi' inahesabu vichwa, haimpandishi mtu cheo. Mtu wa ufuko wa Nyasa angeielewa, lakini angeielewa kwa kusikia Kinyanja ndani yake, na tafsiri ya Kiswahili haiwezi kuandikiwa wilaya mbili tu za Ruvuma.

Tena kuna ushahidi mkubwa zaidi dhidi ya kambi ya 'ninyi', na ushahidi huo uko kanisani. Katika sala ya Baba Yetu, Mnyanja anamwambia Mungu 'dzina lanu', kwa wingi wa heshima. Mswahili anamwambia 'jina lako', kwa umoja, wala hakuna anayefikiri kwamba amemvunjia Mungu adabu. Wakatoliki wanaosema Kifaransa walimwambia Mungu 'vous' katika sala hiyo mpaka mwaka 1966, ilipotoka tafsiri ya pamoja na makanisa mengine, wakahamia 'tu', na ni 'tu' ya mtoto anayemkaribia baba yake. Muumini wa Mbinga akivuka ziwa anabadilisha nafsi ya Mungu wake njiani, na heshima inabaki ile ile. Kwa hiyo nafsi ya pili umoja ya Kiswahili haina dharau ndani yake. 'U-' ya kwetu inamfaa Mungu, Rais, mama mzazi na mwizi wa kuku. Atakayetafuta heshima ya Kiswahili ndani ya 'u-' na 'm-' atakesha.

Je, heshima hiyo iko wapi? Iko kando ya kitenzi. Kwanza iko katika jina unalomwitia mtu: mzee, mama, shangazi, mwalimu, bwana, ndugu. Tanzania tunalijua hili kwa historia yetu, maana baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 'ndugu' ilisukumwa mbele ili waziri na mkulima waitwe sawa. Wafaransa wa mapinduzi walijaribu jambo hilo hilo mwaka 1793, wakataka raia wote waambiane 'tu'. Wao walishika kiwakilishi, sisi tukashika jina la kuitia. Na kule kwao 'vous' ilirudi, kama hapa 'mheshimiwa' alivyorudi.

Pili, heshima iko katika umbo la amri. 'Lete maji' ni amri. 'Uniletee maji' imelegezwa. 'Naomba maji' imeomba. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni Kongo, aliwachunguza wale Wabelgiji waliotunga vijitabu vya kufundishia Kiswahili kwa ajili ya Wazungu wa Katanga. Mtu akivisoma anaona jinsi amri kavu zilivyojaa humo. Mzungu alifundishwa 'lete', 'fanya', 'ondoka', na safari yake ya kujifunza mara nyingi ikaishia hapo. Kwa hiyo Mkongo wa Elisabethville aliyesemeshwa Kiswahili hakuepuka 'tu'. Aliipata katika vazi lingine: amri tupu, na jina 'boyi', hata kama mvi zimemjaa kichwani.

Suala la mvi halipaswi kupitwa. Kiswahili nacho kina tofauti ya juu na chini. Shikamoo na marahaba si salamu za watu sawa. Mdogo anatoa, mkubwa anapokea, na hawabadilishani. Lakini ngazi hiyo ni ya umri, na umri unatembea. Anayesema shikamoo leo atajibu marahaba kesho. 'Tu' ya mkoloni ilisimamisha saa. Mtu alizaliwa mdogo, akaoa akiwa mdogo, akazika watoto wake akiwa mdogo, akafa akiwa boyi. Mfasiri wa Kiswahili ana bahati ya kuwa na wasomaji ambao dharau ya namna hiyo inawachoma upesi kuliko inavyomchoma Mwingereza.

Kutokana na hayo nilifika kwenye jaribio la tatu: 'wewe' na 'bwana'. 'Mtu mweusi aliitwa wewe, na neno bwana likawa la Wazungu tu.' Wenzangu waliielewa mara moja, na wawili walisema waichukue hiyo hiyo. Mimi niliikataa, na sababu yangu ni ya kihistoria. 'Vous' katika sentensi ya Lumumba ni neno ambalo Wazungu waliambiana wao kwa wao na kumnyima Mweusi. 'Bwana' ni neno ambalo Mweusi alilazimishwa kumwambia Mzungu. Njia ya maneno imegeuka. Ya kwanza inasema 'mlitunyima', ya pili inasema 'mlitudai'. Yote mawili yalitokea, lakini siku ile Lumumba alisema la kwanza, na mfasiri hana ruhusa ya kumchagulia lalamiko lingine kwa sababu tu linatamkika vizuri.

Basi nikarudi kwenye 'wewe' yenyewe na kuisikiliza upya, safari hii nje ya kitenzi. Tulikwisha kuona kwamba ndani ya kitenzi 'u-' haina dhambi. Lakini itoe nje, uifanye mwito: 'We!' Hapo bwana, mambo yanabadilika. Mwite mtu mzima barabarani 'We! Njoo hapa!' uone utakavyojibiwa. Mtu mwenye jina, mwenye watoto, mwenye ukoo, umemvua vyote ukamwachia nafsi ya pili tupu. Hiyo ndiyo dharau ya Kiswahili, na haihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote kuanzia Lamu mpaka Kisangani.

Na hapa pana jambo lililonifurahisha. 'We' hiyo hiyo, kati ya marafiki, ni neno la mapenzi. 'We bwana, ulipotelea wapi?' 'We mama Asha, njoo ucheke.' Hakuna anayekasirika. Maana yake 'we' ya Kiswahili ina maisha mawili yale yale ya 'tu': urafiki inapojibiwa kwa 'we', dharau inapokwenda upande mmoja. Kwa sababu hiyo yale maneno ya Lumumba, kwamba si kama anavyoambiwa rafiki, ghafla yanapata kazi katika Kiswahili. Ukiandika 'wewe' na 'ninyi', maneno hayo yanaelea tu, msomaji hajui urafiki umeingiaje. Ukiandika 'we!', yanahitajika, maana kweli rafiki naye huitwa hivyo. Kipimo changu kikawa hicho: tafsiri iliyo sahihi ni ile inayoyafanya maneno ya pembeni ya mwandishi yawe na maana bila msaada.

Yalibaki mambo madogo mawili. Lumumba hakumtaja msemaji. Kifaransa chake kinatumia nafsi isiyo na mwenyewe, kama kusema 'watu walisema'. Kiswahili kinaweza hilo kwa kauli ya kutendwa: 'aliitwa'. Nilishawishiwa niongeze 'na Wazungu', nikakataa, kwa sababu Lumumba aliwachelewesha Weupe mpaka neno la mwisho la sentensi, na Mfalme alikuwa ameketi pale. Ukiwataja mapema umemwibia mzungumzaji pigo lake.

La pili ni ile 'vous' yenye heshima. Niiite 'lugha ya heshima' au 'neno la heshima'? Lugha ni kubwa mno, inafanya jambo lionekane la tabia njema kwa jumla, wakati yeye alilalamikia neno moja fupi. Nikachagua neno. Mwenzangu mmoja alinibana: 'Neno gani?' Nikamwambia asikilizaye atalijaza mwenyewe. Wa Unguja ataweka lake, wa Ruanda atasikia ile 'mmeamkaje' ya kwao, mzee wa Lubumbashi atakumbuka alilonyimwa yeye. Sentensi ikasimama hivi:

Nani atasahau kwamba mtu mweusi aliitwa 'we!', wala si kama rafiki aitwavyo, bali kwa kuwa neno la heshima lilikuwa limewekewa Wazungu peke yao?

Nilipoisoma bwenini hapakuwa na swali. Mmoja alisema tu, 'Babu yangu alikuwa boi wa Mzungu Songea,' akaendelea kupasi shati lake.

Kambi ya 'ninyi' haikuridhika, na nakiri wana hoja moja ambayo sina jibu lake kamili. Njia yangu inafaa pale ambapo 'tu' na 'vous' zinatajwa, yaani mtu anazizungumzia. Je, pale zinapotumika, katika riwaya au tamthilia ya kurasa 200, ambapo kila kitenzi kimevaa moja kati ya hizo? Huwezi kuandika 'we!' kila mstari. Hapo mfasiri atalazimika kugawa mzigo: huyu apewe amri kavu, yule apewe 'naomba', huyu aitwe kwa jina tupu, yule aitwe 'bwana mkubwa' au 'mama'. Na mahali pagumu kuliko pote ni pale wahusika wawili wanapohama katikati ya mazungumzo kutoka 'vous' kwenda 'tu'. Kwa Kifaransa msomaji anashtuka kwa silabi moja: wamependana, au mmoja amemdharau mwenziwe. Kwa Kiswahili kinachoweza kubeba mshtuko huo ni jina la kuitia. Mwanamke aliyekuwa akisema 'Bwana Daktari' kwa sura tatu, siku moja anasema 'Juma'. Au anaacha kumwita kwa jina lolote. Mfasiri anapaswa kuyapanda majina hayo tangu ukurasa wa kwanza, hata pale ambapo mwandishi hakuyaweka, ili siku ya kuyang'oa msomaji aone shimo. Kambi ya pwani inasema huko ni kuongeza chumvi ambayo mwandishi hakuitia. Wa kwetu wanasema chumvi ilikuwamo tangu mwanzo, ndani ya kila kitenzi. Mimi katika hili niko na wa kwetu, ingawa 'ninyi' yao nimeikataa.